Kazi ya Wote Haina Mwenyewe

Bomba la Afridev lilijaribiwa huku kwetu Kwale miaka ya 1980, ili wanakijiji waweze kulitengeneza wenyewe. Lakini kamati ikiandika tu "bomba litengenezwe", akina mama watarudi kwenye visima vya wazi.

Basi kabla ya kufunga mkutano tuchore jedwali la safu tano. Tuseme maji yanatoka kidogo, na mkutano ujao ni tarehe 12 Juni:

| Kazi | Mwenye kazi | Mwisho | Hali | Ufuatiliaji |
|---|---|---|---|---|
| Kubadilisha mpira wa pistoni | (jina la mtunza bomba) | 5 Juni | Bado | Katibu apime 6 Juni |

Mwenye kazi awe mtu mmoja. "Kamati" si jina. Tarehe itangulie mkutano, ili mpira ukikosekana Ukunda pabaki siku za kuutafuta kwingine.

Safu ya mwisho ndiyo husahauliwa. Katibu asiulize tu, "Je, tayari?" Ahesabu mpini unavutwa mara ngapi kujaza mtungi wa lita 20, kabla ya matengenezo na baada yake. Hesabu isipopungua, hali ni "Inaendelea", hata kama mpira umeshafungwa. Siku ikipita, tusifute tarehe ya zamani. Tuandike mpya kando, pamoja na sababu.