Kuku wa Kilo Mbili: Chakula Kimekula Ngapi, Wewe Umebaki na Ngapi?

Ukitaka kujua kuku wa nyama anakuachia nini mfukoni, anza na chakula. Ndicho kinachobeba zaidi ya nusu ya gharama zote, na ndicho kinachopotea kimyakimya. Chukua daftari, kalamu na simu yenye kikokotoo. Tutafanya hesabu ya kundi moja la vifaranga 200 hapa Rusizi, wanaouzwa wakiwa na wastani wa kilo 2 wazima. Bei nitakazotumia ni za mfano. Futa zangu, weka zako, njia ni ileile.

Kwanza, andika bei ya mfuko ukiwa umefika bandani. Usiandike bei ya dukani Kamembe halafu ukasahau pikipiki iliyoupandisha mpaka kwako. Tuseme mfuko wa kilo 50 wa stata unakufikia kwa faranga 32,500, yaani 650 kwa kilo. Wa finisha unakufikia kwa 30,000, yaani 600 kwa kilo.

Kundi letu limetumia mifuko 4 ya stata na kufungua mifuko 10 ya finisha. Jumla ni faranga 430,000. Mwisho zimebaki kilo 10 za finisha, thamani yake 6,000. Ondoa hizo, kwa sababu kuku hawajazila. Chakula kilicholiwa ni kilo 690, na kimegharimu 424,000.

Sasa gawanya. Hapa ndipo wengi wanajidanganya: wanagawanya kwa vifaranga walionunuliwa. Ukigawa kwa 200 unapata 2,120, na unafurahi. Lakini vifaranga 10 walikufa njiani, umeuza 190. Waliokufa hawalipi chakula chao, wanalipiwa na wenzao. Gawa kwa 190: kila kuku aliyeuzwa amekula faranga 2,232. Hiyo ndiyo namba yako ya kweli.

Ongeza mengine. Vifaranga 200 kwa 1,000 kila mmoja ni 200,000. Makaa ya kuwapasha joto, maranda ya mbao, chanjo za kideri na gumboro, dawa, umeme, na kibarua, tuseme vyote 105,000. Jumla kuu ni 729,000. Gawa tena kwa 190: kila kuku amekugharimu 3,837. Andika namba hiyo kubwa kwenye jalada la daftari, maana chini yake huuzi, hata mnunuzi awe shemeji.

Ukiuza kwa 2,200 kwa kilo, kuku wa kilo 2 analeta 4,400. Faida kwa kuku ni 563. Kwa kundi zima, 107,000. Si mbaya, lakini angalia jinsi ilivyo nyembamba. Inaliwa na nini?

Tafuta namba moja zaidi: kilo za chakula kwa kila kilo ya kuku. Umeuza kuku 190 wa kilo 2, yaani kilo 380. Gawa 690 kwa 380, unapata 1.82. Kwa mfugaji mdogo mwenye kuku wa Cobb au Ross, hiyo ni kazi nzuri. Ikipanda mpaka 2.1, kila kuku atakuwa amekula kilo 4.2 badala ya 3.6 na kidogo. Gharama ya chakula inaruka hadi karibu 2,580, na faida yako inashuka kutoka 563 hadi kama 214. Bei ya soko haijabadilika hata faranga moja, ni banda lako tu lililobadilika.

Mara nyingi namba hiyo huharibika katika wiki ya kwanza. Kamembe iko juu, usiku kuna baridi, na kifaranga anayesikia baridi hutumia chakula kujipasha moto badala ya kukua. Siku za mwanzo mpe joto la nyuzi 32 hadi 33 usawa wa mgongo wake. Huna kipimajoto? Waangalie saa tisa usiku, si saa tisa mchana. Wakirundikana chini ya taa au karibu na jiko, wana baridi. Wakikimbilia kuta huku wanahema, umezidisha.

Siku ya saba, pima. Kifaranga huanguliwa akiwa na gramu 40 hivi, na siku ya saba anatakiwa awe amefikia mara nne ya uzito huo. Akiwa na gramu 120 tu, jua kilo 2 zitachelewa, na kila siku ya kuchelewa ina chakula chake. Endelea kupima kila wiki, asubuhi kabla hawajala. Kamata kuku kumi kutoka pembe tofauti za banda. Usichague. Kuku anayejileta mkononi mara nyingi ndiye mnene, na atakudanganya.

Ukiwa Bugarama tatizo ni kinyume. Kule chini kuna joto kali, na kuku mkubwa hali vizuri saa za jua. Mpe chakula alfajiri na jioni, maji ya baridi mchana kutwa, na usiwabananishe. Usipange tarehe ya kuuza kwa kuiga jirani wa Kamembe. Huenda ukahitaji siku kadhaa zaidi kufikia uzito uleule.

Halafu kuna chakula kinachomwagika. Inama, tia mkono kwenye maranda chini ya vyombo. Ukiokota punje, unatupa hela. Inua chombo kilingane na mgongo wa kuku, na kila wiki kiinue tena wanavyokua. Kijaze nusu, kisizidi hapo. Mifuko iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, kwa sababu panya naye anakula finisha na hauzwi popote.

Kifo nacho kina bei tofauti kulingana na siku. Kifaranga akifa siku ya tano, amekula gramu chache, umepoteza hasa bei yake ya kununulia. Akifa siku ya 35, amekula zaidi ya kilo mbili na nusu za chakula, na alikuwa karibu kuwa pesa. Kwa hiyo andika tarehe ya kila kifo. Vifo vya mwanzo vinakupeleka kwa aliyekuuzia vifaranga au kwenye joto la banda. Vifo vya mwisho vinakupeleka kwa daktari wa mifugo, na upesi.

Utashawishika na chakula cha bei nafuu. Hapa kwetu pumba za mpunga hazikosekani, viwanda vya kukoboa viko Bugarama, na mahindi na sambaza wakavu vinapatikana. Kuchanganya mwenyewe kunawezekana, ila usipime kwa bei ya kilo. Zidisha bei ya kilo kwa ile namba ya chakula kwa kilo ya kuku. Chakula chetu kilitoka wastani wa 614 kwa kilo. Zidisha kwa 1.82, ni kama 1,118 kwa kila kilo ya kuku. Sasa chukua mchanganyiko wenye pumba nyingi, kilo kwa faranga 500 tu. Pumba zina nyuzinyuzi, kuku anashiba bila kukua, na namba inafika 2.5. Zidisha: 1,250. Cha rahisi kimekuwa ghali, na bado hujalipa kibarua kwa siku za ziada. Ukitumia sambaza, waondoe kwenye chakula wiki ya mwisho, la sivyo mteja atakuuliza kwa nini kuku ananuka samaki.

Sasa tufike kwenye siku za mwisho, maana hapo ndipo faida ya Rusizi inapoponea au kuzama. Wateja wengi wako ng'ambo ya daraja, Bukavu. Siku ambayo mpaka unasuasua, au mnunuzi anaposema "nakuja Jumatatu" akaja Ijumaa, kuku wako wanaendelea kula. Kuku wa kilo 2 anamaliza kama gramu 175 kwa siku, yaani faranga 105. Siku tano ni 525. Faida yako ilikuwa 563. Imebaki 38!

Lakini hiyo ni kama mmekubaliana bei kwa kichwa. Mkikubaliana kwa kilo, mambo yanageuka. Katika siku hizo tano kuku anaongeza kama gramu 375. Kwa 2,200 kwa kilo, hizo ni 825. Toa 525 ya chakula, umebaki na 300 juu. Hivyo bei ya kichwa iweke na tarehe: akichelewa, kila siku inaongeza faranga 105 kwa kuku. Asipokubali, uza kwa mizani. Ila usichukue hii kama ruhusa ya kufuga mpaka Krismasi. Kadiri kuku anavyozidi kukua ndivyo anavyohitaji chakula zaidi kuongeza kila kilo, banda linabanana, na mnunuzi wa hoteli aliyetaka kilo 2 huenda asitake kilo 3.

Mkubaliane pia mizani iko wapi. Kuku akipimwa bandani na tumbo limejaa, na akapimwa tena mjini baada ya safari, uzito hautalingana. Pima mbele ya mnunuzi, kwako, na mwandike. Akitaka kuku aliyechinjwa wa kilo 1 na nusu, kumbuka baada ya kutoa manyoya na matumbo hubaki kama asilimia 70 hadi 75 ya uzito. Huyo ni kuku wa kilo 2 na kidogo akiwa mzima, na bei yake ihesabu hivyo. Akilipa kwa dola au faranga za Kongo, geuza kwa bei ya siku ya kulipwa, si ya siku ya kupatana.

Jambo la mwisho ni neno "wastani". Mnunuzi akisema kila kuku asipungue kilo 2, hajasema wastani wa kilo 2. Kundi lenye wastani huo lina karibu nusu iliyo chini ya kilo 2. Majogoo hufikia uzito siku kadhaa kabla ya matetea. Basi uza mara mbili: toa waliofika kwanza, waliobaki wapate nafasi na wamalizie siku nne tano. Ila bei ya awamu ya pili ipange kabla ya kutoa ya kwanza, maana mnunuzi akishabeba majogoo wako wote atarudi kuwaangalia matetea kwa jicho la kupunguza bei.