Kusoma Picha ya Mishumaa ya Bei

Siku hizi vijana wengi huletewa katika simu zao picha yenye vijiti vya rangi ya kijani na nyekundu, vingine virefu, vingine vifupi, vimepangwa toka kushoto kwenda kulia kama ua wa matete uliokwisha pigwa na upepo. Chini yake mleta picha ameandika maneno machache, ati tazama bei inavyopanda, leta fedha zako upesi. Wanafunzi wa kidato cha tatu wameniuliza picha ile yasema nini hasa. Nawajibu hapa katika gazeti letu, ili na wale waliokwisha toka shuleni wapate kusoma. Maana wao ndio wenye fedha mfukoni.

Vijiti vile huitwa mishumaa, na asili yake ni Japani. Kila mshumaa una mwili, yaani ile sehemu nene, na huenda ukawa na utambi uliochomoza juu, na mwingine uliochomoza chini. (Wajapani wenyewe huziita tambi hizo ndevu, nami naona jina lao ni zuri zaidi, kwa kuwa sijapata kuona mshumaa wenye utambi chini.) Mshumaa mmoja ni habari ya muda mmoja tu. Katika pembe ya picha tazama kama imeandikwa 1D, basi kila mshumaa ni siku nzima. Ikiwa ni 5m, kila mshumaa ni dakika tano. Asiyetazama alama hiyo hawezi kujua kama asomayo ni mambo ya mwaka au ya asubuhi moja.

Ndani ya muda huo mshumaa huandika bei nne, si zaidi: bei ya kufungulia, bei ya juu kabisa, bei ya chini kabisa, na bei ya kufungia. Mara nyingi juu ya picha utaziona kwa herufi O, H, L na C, kwa taratibu hiyohiyo.

Tuchukue mfano wa sokoni. Tuseme asubuhi kilo ya maharagwe ilianza kuuzwa shilingi 3,000. Katika mchana bei ilifika 3,400, na kuna saa nyingine ilishuka hata 2,900. Jioni, watu walipofunga mizigo, kilo ya mwisho iliuzwa 3,200. Mwili wa mshumaa utachorwa toka 3,000 mpaka 3,200, yaani kati ya bei ya kufungulia na ya kufungia. Utambi wa juu utatoka 3,200 kwenda 3,400, na utambi wa chini utatoka 3,000 kushuka mpaka 2,900. Kwa kuwa bei ya kufungia imezidi ya kufungulia, mwili utatiwa rangi ya kupanda, ambayo katika picha nyingi tunazoletewa ni kijani.

Sasa geuza: soko lianze kwa 3,200 na kuishia 3,000, na bei ya juu na ya chini zibaki zilezile. Umbo la mshumaa halitabadilika hata kidogo. Kitakachobadilika ni rangi, itakuwa nyekundu. Basi rangi kazi yake ni moja tu, kutuambia ncha ipi ya mwili ni ya asubuhi na ipi ni ya jioni. Na hapa yafaa kuangalia sana, kwa sababu katika picha za Japani na China nyekundu ndiyo rangi ya kupanda. Ukiwa na shaka, soma O na C za mshumaa mmoja: C ikiwa kubwa kuliko O, umekwisha jua rangi ile ina maana gani katika picha hiyo.

Turudi kwenye maharagwe. Je, bei ilishuka kwanza mpaka 2,900, ndipo ikapanda 3,400? Au ilipanda kwanza, ndipo ikaanguka? Mshumaa hausemi. Siku ya namna ya kwanza na siku ya namna ya pili huacha mshumaa mmoja, usio na tofauti hata ya nukta, ijapokuwa mtu aliyenunua saa nne asubuhi alipata faida siku moja na hasara siku nyingine. Watu wengi wakiona utambi huanza kusimulia hadithi ya safari ya bei, na kumbe picha imetaja miji miwili ya mbali iliyofikiwa tu, wala haikusema ni upi uliofikiwa kwanza, wala msafiri alikaa huko muda gani.

Nitatoa mfano wa kweli, nanyi mwaweza kuuchora katika karatasi ya grafu. Ni wa Alhamisi tarehe 6 Mei 2010, katika soko la hisa la New York. Kipimo kiitwacho Dow Jones, kinachojumlisha bei za hisa za kampuni kubwa 30 za Amerika, kilifungua siku hiyo kwenye pointi 10,862. Juu kabisa kilifika 10,880, chini kabisa kilifika 9,870, nacho kilifunga 10,520. (Nimeacha desimali.) Sentimita moja iwe pointi 100. Mwili mwekundu utakuwa na urefu wa sentimita tatu na nusu hivi, kwa kuwa toka 10,862 mpaka 10,520 ni pointi 342. Utambi wa juu ni pointi 18, hata milimita mbili haufiki. Lakini utambi wa chini, toka 10,520 mpaka 9,870, ni pointi 650, yaani sentimita sita na nusu. Ndevu zimekuwa karibu mara mbili ya mwili!

Ukiusoma mshumaa huo bila kujua habari nyingine, wasema hivi: siku ilianza, bei ikashuka sana, kisha ikarudi zaidi ya nusu ya njia kabla ya kufunga. Hayo ni kweli. Lakini yalichukua muda gani? Soko lile hufunguliwa saa tatu unusu asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, saa za huko, na kwa mwezi wa Mei sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele yao kwa saa saba. Kwa saa nyingi za siku hiyo bei zilikuwa zikishuka polepole tu. Ndipo ilipokaribia saa nane na robo tatu mchana (picha huandika 14:45, na kwetu ilikuwa saa tatu na robo tatu usiku), bei zikaporomoka kwa dakika chache, na kwa dakika chache nyingine zikarudi sehemu kubwa. Karibu utambi wote ule mrefu uliandikwa kwa muda usiofika kipindi kimoja cha darasani. Siku ileile ikichorwa kwa mishumaa ya dakika tano huwa na mishumaa 78, na hapo mporomoko waonekana wazi kama shimo katikati ya barabara.

Wala mshumaa hausemi sababu. Serikali ya Amerika ilitoa taarifa mwezi wa Septemba mwaka huohuo, ikaeleza kwamba mfuko mmoja mkubwa ulikuwa ukiuza mikataba 75,000 kwa mashine katika soko la Chikago, ambako huuzwa mikataba inayofuata bei za hisa. Mashine hiyo haikujali bei wala saa, nao wanunuzi wakawa wachache mno. Soko hilo lilisimamisha biashara kwa sekunde tano tu, na biashara ilipoanza tena bei zikatulia, zikapanda. Jambo jingine la kushangaza ni kwamba hisa za kampuni fulani, ambazo siku zote huuzwa kwa makumi ya dola, ziliuzwa kwa senti moja. Biashara zaidi ya 20,000 zilizofanywa kwa bei za namna hiyo zilifutwa jioni yake. Kwa hiyo katika kumbukumbu za kampuni hizo huenda ukakuta mwandishi mmoja amechora utambi mpaka senti moja, na mwingine hakuuchora kabisa, kwa siku moja na hisa ileile. Ukiona utambi mmoja mrefu kupita kiasi, ambao haupo katika picha ya mwandishi mwingine, ujue yafaa kuulizia.

Walimu wa biashara hii husema kuwa utambi mrefu wa chini ni dalili ya bei kupanda, maana wauzaji walijaribu wakashindwa. Basi tuwapime kwa siku zilizofuata. Ijumaa tarehe 7 Mei Dow Jones ilifunga 10,380, chini zaidi. Jumatatu tarehe 10 ikaruka ikafunga 10,785. Aliyeitegemea dalili ile alipata hasara Ijumaa na faida Jumatatu. Na mruko wa Jumatatu ulifuata habari kwamba nchi za Ulaya zimekubaliana kuweka tayari euro bilioni 750 za kuokoana katika madeni, jambo ambalo halikuwamo katika mshumaa wowote wa Alhamisi.

Kuna jambo dogo linalowachanganya wanafunzi wengi. Magazeti yaliandika kuwa Alhamisi ile kipimo kilishuka pointi 348, nasi katika mwili tumehesabu 342. Magazeti hulinganisha na bei ya kufungia ya jana yake, iliyokuwa 10,868. Mwili wa mshumaa hulinganisha na bei ya kufungulia ya leo. Tofauti hapa ni ndogo, lakini siku nyingine huwa kubwa, hata bei ikafungua chini sana kuliko jana, ikapanda kidogo, na kuacha mshumaa wa kijani siku ambayo kila mtu amepata hasara.

Mwisho, tazama picha uliyoletewa imekatwa wapi. Kando ya kulia hapana budi kuwe na ngazi ya bei. Ikikatwa, mshumaa mrefu waweza kuwa wa shilingi mia au wa senti tano, maana mashine hutanua picha mpaka ijaze kioo. Na mshumaa wa mwisho kabisa wa kulia, mara nyingi muda wake haujaisha. Bei yake ya kufungia ni bei ya dakika ile picha ilipopigwa, basi. Aliyepiga picha tarehe 6 Mei wakati bei iko chini kabisa alipata mwili mwekundu wa karibu sentimita kumi, usio na utambi chini hata kidogo. Rafiki yake aliyepiga picha ya mshumaa uleule saa kumi jioni alipata mwili wa sentimita tatu na nusu wenye ndevu ndefu. Wote wawili hawakusema uongo, lakini picha ya kwanza ilikuwa ya siku isiyokwisha.