Neno "Tumethibitisha" Tulitumie Lini?



Miaka kadhaa iliyopita tawi letu lilipeleka barua kwa meneja wa kiwanda cha nguo. Tuliandika hivi: "Tumethibitisha kwamba vumbi la pamba limeharibu mapafu ya wafanyakazi wote wa chumba cha kuchambulia." Tulipoitwa mkutanoni, daktari wa kampuni alituuliza maswali mawili tu. Mmepima mapafu ya watu wangapi? Hatukuwa tumempima hata mmoja. Je, ni wote kweli? Wawili kati yetu walikuwa wamekaa pale pale mezani, wazima kabisa. Mkutano ukaishia hapo.

Lililotuuma ni kwamba barua ile ilibeba jambo la kweli. Wenzetu kumi na mmoja walikuwa wametueleza, kila mmoja peke yake, kwamba kifua huwabana Jumatatu wanaporudi kazini, kisha hupungua siku zinazofuata. Hiyo ni dalili inayojulikana sana ya ugonjwa wa vumbi la pamba. Lakini daktari hakulazimika kuijibu, maana tulikuwa tumeifunika kwa neno kubwa tusiloweza kulibeba.

Basi katika somo hili tutazame maneno manne: kudokeza, kuashiria, kuonyesha na kuthibitisha. Ripoti nyingi za afya kazini hutufikia kwa Kiingereza, na anayetutafsiria hutia "inaonyesha" kila mahali, kama mpishi anayetia chumvi ile ile katika uji na katika mchuzi. Tuchukue mfano mmoja unaowahusu watu wa kiwandani na wa shambani pia.

Kuna dawa iliyoitwa DBCP. Ilitiwa ardhini kuua minyoo midogo inayokula mizizi ya ndizi, mananasi na mimea mingine. Mwaka 1961 watafiti walichapisha habari kwamba panya waliovutishwa hewa yenye dawa hiyo walisinyaa korodani. Hapo neno gani lingefaa? Kwa panya, jaribio lilionyesha madhara. Kwa binadamu lilidokeza tu, kwa sababu panya si mtu, na hewa waliyovuta wao huenda si sawa na ile anayoivuta mfanyakazi. Anayedokeza anasema: hapa pana jambo, litazameni. Kwa miaka mingi halikutazamwa.

Mwaka 1977, katika kiwanda kimoja cha Lathrop, jimbo la California nchini Marekani, wafanyakazi waliochanganya dawa hiyo walianza kuambiana kwamba wake zao hawashiki mimba. Maneno ya wakati wa chakula hayathibitishi kitu, lakini yanaashiria: ni alama inayoelekeza mahali pa kuchimba. Wanaume wachache wakakubali kupimwa mbegu za uzazi, na majibu yakawa mabaya. Hata hivyo waliojitokeza wenyewe walikuwa wachache, na pengine walijitokeza kwa sababu tayari walikuwa na shida. Neno likabaki lile lile, ingawa sasa lilikuwa na uzito zaidi.

Ndipo wakapimwa wanaume 25, wote wakiwa hawajafungwa uzazi. Kumi na mmoja walikuwa na mbegu chini ya milioni moja katika kila mililita, wengi wao hawakuwa nazo kabisa. Wengine kumi na mmoja walikuwa na zaidi ya milioni 40, yaani walikuwa wazima. Watatu walikuwa katikati. Kisha wakaulizwa: umefanya kazi na dawa hii kwa muda gani? Wale wa kundi la chini wote walikuwa na miaka mitatu au zaidi. Wale wazima walikuwa na miezi mitatu au pungufu. Wale watatu walikuwa na mwaka mmoja hadi mitatu.

Tusimame hapa, ndugu, maana ndipo neno linapobadilika. Sasa tunaweza kusema bila woga kwamba vipimo vinaonyesha kuwa, katika wanaume hao, kadiri mtu alivyofanya kazi muda mrefu ndivyo mbegu zilivyopungua. Hayo yameonekana kwa macho na kuhesabiwa. Lakini sentensi "DBCP imesababisha" ni sentensi nyingine. Mtu wa upande wa pili angeweza kuuliza: je, waliokaa muda mrefu si ndio wazee? Pia idara ile ilishika kemikali nyingine. Mnajuaje kwamba ni hii?

Swali la umri lilijibika upesi, kwa kuwa uzee peke yake haumfanyi mtu mzima wa makamo asiwe na mbegu hata moja. Swali la kemikali nyingine lilihitaji zaidi. Lilijibiwa kwa kuunganisha mambo: panya wa mwaka 1961 waliopewa dawa hii peke yake, na wafanyakazi wa viwanda vingine vya DBCP waliopimwa baadaye wakakutwa na madhara ya namna ile ile. Maelezo mengine yalipofungiwa mlango moja baada ya jingine, neno "imethibitishwa" likapata haki ya kuandikwa. Halikutoka katika kipimo kimoja.

Na mtu wa shambani je? Waliopimwa Lathrop walikuwa wa kiwandani. Kwa mtia dawa wa shamba la migomba, matokeo yale ya 1977 yalidokeza hatari tu, kwani yeye hufanya kazi mahali pa wazi na huipata dawa kwa njia nyingine. Hapa waajiri wana mchezo wao. Husema, "Haijathibitishwa kwamba inawadhuru watu wa shambani," nao msikilizaji akasikia, "Imethibitishwa kwamba haiwadhuru." Hizo ni kauli mbili zilizo mbali kama mashariki na magharibi. Ya kwanza inaweza kumaanisha tu kwamba hakuna aliyewapima. Ukiisikia, uliza hapo hapo: wamepimwa wangapi, lini, na nani? Serikali ya Marekani ilisimamisha karibu matumizi yote ya dawa hiyo mwaka 1979, ikabakiza mananasi ya Hawaii hadi miaka ya themanini. Baadaye wafanyakazi wengi wa mashamba ya ndizi huko Kosta Rika walikutwa hawana uwezo wa kuzaa.

Kwa hiyo neno dogo halimaanishi dai dogo. Yaliyoonekana yawe katika sentensi yake, na madai yawe katika sentensi nyingine. Kudokeza kunatosha kabisa kudai vipimo, glavu, au dawa isimamishwe mpaka ijulikane. Vilevile tusijipunguze. Kama umehesabu mwenyewe, usiandike "inasemekana". Waliokuambia ni watu kumi na mmoja, si upepo.

Barua yetu tuliiandika upya, na hii ndiyo iliyopelekwa:

"Wafanyakazi kumi na mmoja wa chumba cha kuchambulia, kila mmoja akiulizwa peke yake, wameeleza kwamba kifua huwabana Jumatatu na kupungua siku zinazofuata. Wawili hawana dalili hiyo. Hali hii inaashiria ugonjwa wa vumbi la pamba. Mapafu hayajapimwa. Tunadai wafanyakazi wote wa chumba hicho wapimwe pumzi Jumatatu kabla ya zamu na baada ya zamu, na majibu tupewe."

Safari hii daktari aliisoma mara mbili, kisha akauliza Jumatatu ipi.