Nilimwona Akifanya au Niliona Kwamba Anafanya? Uteuzi wa Maneno katika Kumfikishia Rafiki Habari za Mwenzi Wake: Mifano kutoka Embu na Meru

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna msemaji wa Kiswahili anavyoamua kumwambia au kutomwambia rafiki yake jambo aliloliona kuhusu mwenzi wa rafiki huyo, na jinsi maumbo ya kitenzi yanavyoweza kuifanya habari hiyo kuwa ushahidi, dhana au kashfa. Mfano mmoja wa kubuni unachambuliwa kwa kuzingatia kanuni za Grice (1975) na nadharia ya upole ya Brown na Levinson (1987). Inahojiwa kwamba kosa kubwa katika mazungumzo ya aina hii si ukali wa maneno, bali ni kusema zaidi ya kile ambacho jicho liliona.

1. Utangulizi

Barabara itokayo Embu kwenda Meru hupita Runyenjes, huvuka mto Thuci, kisha hupita Chuka na Nkubu kabla ya kufika mjini Meru. Wasafiri wa njia hii ni wanafunzi, walimu, wafanyabiashara na jamaa wanaotembeleana, na wengi wao wanajuana. Mtu asiyetaka kuonekana huonekana kwa urahisi. Aliyemwona naye hubaki na mzigo ambao hakuutafuta.

Mfano utakaotumiwa ni huu. Wanafunzi wawili wa kike wanasomea Embu na ni marafiki wa miaka mitatu. Mmoja ataitwa Rafiki, na mwenzake ataitwa Shahidi. Rafiki ana mchumba aliyemwambia kuwa siku ya Ijumaa angekuwa kazini Maua. Ijumaa hiyo, yapata saa kumi alasiri, matatu aliyoipanda Shahidi kuelekea Meru inasimama Chuka kwa dakika tano hivi. Kupitia dirishani, Shahidi anamwona Mchumba ameketi katika hoteli iliyo kando ya steji pamoja na mwanamke asiyemfahamu. Mwanamke huyo amemshika Mchumba mkono juu ya meza. Gari linaondoka. Mwezi unaofuata, familia ya Mchumba inatarajiwa kwenda kwa kina Rafiki kuanza mazungumzo ya mahari, yaani ruracio.

2. Kuamua: Kilichoonwa na Kilichodhaniwa

Kabla ya kuamua kama atasema, Shahidi anahitaji kutenga mambo mawili ambayo akili huyachanganya upesi. Aliyoyaona ni machache: mtu anayemjua, mahali, saa, mwanamke mmoja na mkono ulioshikwa. Mengine yote, yaani kwamba huyo ni mpenzi, kwamba wamezoea kukutana na kwamba habari ya Maua ilikuwa uongo wa makusudi, ni tafsiri. Yawezekana mwanamke yule ni binamu aliyefiwa, na katika jamii za eneo hili binamu huitwa ndugu na hufarijiwa kama ndugu. Yawezekana pia safari ya Maua iliahirishwa mchana. Grice anaeleza katika kanuni yake ya ubora kwamba mzungumzaji hapaswi kusema asilokuwa na ushahidi wa kutosha kulithibitisha. Kwa kanuni hiyo, Shahidi ana ushahidi wa mkutano. Hana ushahidi wa usaliti.

Je, hilo latosha kumfanya anyamaze? Jibu linategemea kile ambacho Rafiki yuko karibu kukifanya. Kama pasingekuwa na uamuzi wowote mbele yake, mkono ulioshikwa kwa dakika tano ungekuwa msingi hafifu wa kumvurugia mtu amani. Hapa, hata hivyo, familia mbili zinakaribia kufungamana. Rafiki ana haki ya kuwa na habari ambayo angeitumia kuuliza swali kabla ya siku hiyo, na kimya cha Shahidi kingekuwa kimemwamulia. Lipo pia suala la wakati: likija kujulikana baadaye kwamba Shahidi aliona akanyamaza, Rafiki atakuwa na majeraha mawili badala ya moja.

Njia ya tatu ni kumwendea Mchumba kwanza na kumpa nafasi ya kujieleza mwenyewe kwa Rafiki. Njia hii inafaa pale Shahidi anapofahamiana naye vyema na hakuna hofu ya ugomvi. Udhaifu wake ni kwamba inamfanya Shahidi kuwa mshirika wa siri: akiombwa asubiri wiki moja, naye akasubiri, ameshachukua upande. Katika mfano huu Shahidi anamjua Mchumba kwa kupitia Rafiki tu, kwa hiyo kumwendea Rafiki moja kwa moja ndiko kunakofaa zaidi.

3. Kitenzi Kama Shahidi

Kiswahili humpa msemaji nyenzo za kuonyesha jinsi alivyoipata habari yake, na nyenzo hizo ziko ndani ya kitenzi. Linganisha sentensi hizi:

(1) Nilimwona akizungumza na mwanamke.
(2) Niliona kwamba anazungumza na mwanamke.
(3) Inasemekana anazungumza na mwanamke.

Katika (1), kiambishi -ki- kinachofuata kitenzi cha kuona kinaeleza tendo lililokuwa likiendelea mbele ya macho ya msemaji. Katika (2), kuona kunaweza kuwa kung'amua kwa kupima dalili. Katika (3), umbo la kutendekana limemficha aliyesema, na msikilizaji hana wa kumuuliza. Shahidi ana haki ya kutumia umbo la (1) peke yake.

Hatari ya pili iko katika kiambishi hu-. Mtu aliyeona mara moja akisema "hukutana na mwanamke Chuka", amegeuza tukio kuwa mazoea kwa silabi moja. Hatari ya tatu ni mnyambuliko wa kutendana. "Walikuwa wameshikana mikono" kunawagawia wote wawili tendo sawasawa, ilhali Shahidi alimwona mwanamke ndiye aliyeshika. "Alikuwa ameshikwa mkono" ni habari tofauti, na huenda tofauti hiyo ndiyo itakayoamua hatima ya uchumba. Vivyo hivyo, "kupeana mikono" ni salamu. "Kushikana mikono" huweza kuwa mapenzi.

Kwa wasemaji wa Kimeru na Kiembu kuna jambo la ziada. Lugha za Kibantu za eneo la Mlima Kenya hutofautisha katika kitenzi chenyewe wakati uliopita wa karibu na ule wa mbali. Kiswahili hutumia -li- kwa asubuhi ya leo na kwa miaka kumi iliyopita. Anayesema "nilimwona na mwanamke" bila kutaja siku ameacha pengo ambalo msikilizaji atalijaza kwa hofu yake: pengine ni kabla ya uchumba, pengine ni jana. Siku na saa ni lazima zitajwe kwa maneno.

4. Rasimu Tatu

Rasimu ya kwanza ambayo Shahidi angeweza kuitoa ni hii:

(4) Dada, huyo mchumba wako hutembea na wanawake huko Chuka.

Sentensi hii ina makosa manne. Hu- imeleta mazoea; "wanawake" imeleta wingi; "kutembea na" ni tasfida ya uhusiano wa kimapenzi, kwa hiyo imeleta hukumu; na "huyo" imemtweza mtu ambaye Rafiki bado anampenda. Msemaji angemtaja mwanamke yule kuwa "mpango wa kando", angekuwa amempa cheo asichokijua. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua ndoa ya wake wengi kwa mujibu wa mila, hivyo hata uwezekano kwamba yule ni mke halali hauwezi kupuuzwa.

Rasimu ya pili ni ya mafumbo:

(5) Dada, siku hizi watu si wa kuaminika. Mwenye macho haambiwi tazama.

Brown na Levinson wanauita mkakati huu kusema kwa kuzunguka: msemaji anajiachia nafasi ya kukana. Kwa kawaida mkakati huo humlinda msikilizaji dhidi ya aibu. Hapa unamlinda msemaji peke yake. Rafiki anapewa shaka bila kupewa siku, mahali wala tendo ambalo angelichunguza. Methali ni hazina, lakini haiwezi kushika nafasi ya ushahidi.

Rasimu ya tatu inaanza kwa kuomba ruhusa, kwa sababu anayeombwa ana uwezo wa kukataa:

(6) Dada, kuna jambo nililoliona linalomhusu mchumba wako. Huenda si kitu. Je, ungependa nikueleze?

Rafiki akikubali, habari inafuata kwa mpangilio wa tukio lenyewe:

(7) Ijumaa iliyopita, kama saa kumi alasiri, nilimwona Chuka, katika hoteli iliyo kando ya steji. Alikuwa ameketi na mwanamke nisiyemjua, na mwanamke huyo alikuwa amemshika mkono. Gari letu lilisimama kama dakika tano. Sikusikia walichosema, wala sijui wanahusianaje. Sijamwambia mtu mwingine.

Katika (7), kila kitenzi kinasimama juu ya jambo lililoonwa. Mipaka ya ujuzi inatajwa waziwazi kwa vitenzi viwili vya kukanusha, na sentensi ya mwisho inalinda heshima ya Rafiki kwa kumhakikishia kwamba habari haijasambaa. Haitaji Maua, Rafiki atakumbuka mwenyewe alichoambiwa, na hitimisho litakuwa lake.

5. Baada ya Kusema

Swali linalotarajiwa ni "Wewe unafikiri ni mpenzi wake?" Hapa ndipo wengi huteleza, kwani ombi la rafiki huonekana kama kibali cha kukisia. Jibu linaloafikiana na (7) ni: "Sijui. Nilichokiona ndicho nilichokueleza. Mwenye jibu ni yeye." Hasira nayo yaweza kumgeukia Shahidi, akaambiwa kuwa ana wivu. Kujitetea kwa kuongeza maelezo ndiko kunakozaa chumvi. Inatosha kusema, "Naelewa umeumia. Nipo," kisha kunyamaza.

Njia ya mawasiliano pia ina uzito. Ujumbe mfupi wa simu unanyima sentensi sauti na uso, unaweza kusomwa na Mchumba mwenyewe, na ukisambazwa hupoteza "sijui" zake zote. Mazungumzo ya ana kwa ana, faraghani, wakati ambapo Rafiki hana mtihani wala safari ya kukutana na Mchumba saa hiyo hiyo, ndiyo yanayofaa. Pale inapojulikana kwamba Mchumba ni mtu wa kupiga, Shahidi hana budi kuhakikisha kwanza kwamba Rafiki ana mahali salama pa kulala kabla ya kumuuliza mwenziwe swali lolote.

6. Hitimisho

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, husema wahenga. Uchambuzi huu umeonyesha kwamba katika Kiswahili ulimi hujikwaa mahali panapojulikana: kwenye hu- badala ya -li-, kwenye kutendana badala ya kutendwa, na kwenye "kwamba" palipostahili -ki-. Anayevichunga viambishi hivyo anaweza kusema jambo gumu bila kulipunguza wala kuliongeza, akamwachia rafiki yake uamuzi ambao tangu awali ulikuwa wake.