Kauli iliyofutwa kwenye muhtasari wa kijiji

Swali: Katika mkutano wa kijiji hapa Mkiwa, mjumbe alimwita mweka hazina mwizi. Kauli imefutwa kwenye muhtasari. Mjumbe huyo aandikiwe vipi bila kudhalilishwa?

Jibu: Chini ya Sheria Na. 7 ya 1982, kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo kinachoondolewa ni maneno. Nafasi ya msemaji inabaki palepale. Barua hutenganisha hoja na tusi, tena hunukuu neno lenyewe, maana asipolijua mjumbe hudhani amezibwa mdomo kabisa:

“Ndugu, swali lako kuhusu fedha za kisima limebaki kwenye muhtasari. Neno ‘mwizi’ limeondolewa kwa sababu halikuwa na ushahidi. Ukiwa na stakabadhi, mpe mtendaji kabla ya mkutano ujao.”

Haiombi radhi, wala haimwiti mtu mkorofi. Maneno kama “utovu wa nidhamu” huzaa ugomvi wa pili. Barua hupelekwa mkononi. Ikibandikwa kwenye ubao wa matangazo, tusi limetangazwa upya, na mweka hazina ndiye anayeumia zaidi.