Kipupwe na Ngozi ya Kichwa

Njombe na Makete, kati ya Juni na Agosti, usiku joto hushuka chini ya nyuzijoto 10 na mvua huwa zimekatika. Hewa ikishakuwa kavu hivyo, ngozi hupoteza maji haraka. Miguu hupauka, midomo hupasuka, na kichwani ngozi hubanduka vipande vidogo vyeupe kama unga, vinavyodondokea mabegani.

Wengi wetu huita kila kinachobanduka kichwani mba, kisha tunapaka mafuta. Mba wenyewe ni jambo jingine. Huchochewa na kuvu wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, na kuvu hao hula mafuta. Magamba yake ni makubwa zaidi, ya manjano na hunata. Mara nyingi nyusi, pembeni mwa pua na nyuma ya masikio nako huwasha. Kupaka mafuta hapo ni kuwalisha kuvu.

Chukua mfano wa mama ambaye Julai anaosha nywele kila baada ya siku mbili, kwa maji ya moto na sabuni ya mche. Maji hayo na sabuni hiyo huondoa mafuta ya asili ya ngozi. Akiona unga anadhani ni uchafu, anazidi kuosha, na ngozi inazidi kukauka. Mama huyu aoshe mara moja kwa wiki, kwa maji ya vuguvugu na shampuu laini, akisugua kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Asuuze mpaka povu liishe kabisa, maana mabaki ya sabuni yakikauka hufanana na magamba. Kama amesuka, achanganye shampuu na maji kwenye chupa, aimimine kwenye mistari.

Kisha akandamize taulo bila kusugua, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu apake matone machache ya mafuta ya nazi, au mafuta ya mgando kiasi cha punje ya harage. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, huzuia yaliyopo yasitoke. Ndiyo maana ukiyapaka kwenye ngozi iliyokwisha kukauka, faida yake ni ndogo.

Zikipita wiki 2 bila nafuu, au magamba yakiwa ya manjano, aache kupaka mafuta kwenye ngozi, apake kwenye nywele tu. Duka la dawa lina shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Huachwa kichwani dakika 3 hadi 5 kabla ya kusuuzwa, mara 2 kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4.

Kwa mtoto, tazama kama nywele zimekatika na kuacha mabaka yenye upara. Hayo mara nyingi ni mapunye. Hayatibiki kwa shampuu wala mafuta pekee. Yanahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa kutoka kituo cha afya, na kitana cha mtoto huyo kisitumiwe na wenzake.