Kofia ya moshi inang'aa, bomba je? Mafuta yanayojificha juu ya dari la jiko lako

Somo la leo ni la nyie mnaouza msosi kwa oda za WhatsApp na Instagram: chipsi kuku, sambusa, samaki wa kukaanga, nyama choma. Mteja wako haoni jiko lako. Anaona picha, anaona bodaboda, basi. Kwa hiyo kama kuna hatari jikoni, hakuna wa kukustua, inabidi uikague mwenyewe.

Hatari tunayoiongelea iko ndani ya bomba la moshi. Majiko mengi ya biashara yana kofia ya bati juu ya jiko, chujio za kuzuia mafuta, halafu bomba na feni ya kuvuta moshi nje. Ukikaanga, mafuta kidogo hupanda kama mvuke na vitone vidogo sana. Chujio hukamata sehemu tu. Yanayobaki hupita, hukutana na bati la baridi na kuganda.

Sisi wa Mbeya na Iringa tunapata shida hii kwa namna yetu. Miji yetu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi tunaijua wote. Bomba likitokea nje ya ukuta au likapita juu ya dari lenye baridi, mafuta huganda mapema zaidi humo ndani. Na mapaa yetu mengi ni ya mbao. Yaani kuni imelala pembeni ya mafuta.

Tuchukue mfano. Jiko la kukodi maeneo ya Mwanjelwa, wanakaanga chipsi kila siku na kuchoma kuku kwa mkaa. Bomba linapanda mita 1, linakunja kona, linalala juu ya dari mita 3, ndo linatoka nje. Mwenye jiko anaosha chujio kila Jumapili na kofia inang'aa. Lakini zile mita 3 hazijawahi kuguswa tangu fundi bati aondoke. Mafuta hukaa zaidi hapohapo, kwenye kona na kwenye tumbo la bomba lililolala, kwa sababu moshi ukikunja kona vitone hugonga bati, na kwenye bomba lililolala hayana pa kuchuruzikia.

Siku mafuta ya karai yakishika moto, au cheche ya mkaa ikapanda, moto unaingia bombani. Wewe unafunika karai, moto wa chini unazimika, unashukuru Mungu. Kumbe juu ya dari bati limeshakuwa jekundu na mbao zinaanza kuungua. Hicho ndicho kilichotokea Boston, Marekani, Agosti 2007, kwenye mgahawa uitwao Tai Ho. Moto ulikuwa unaungua juu ya dari muda mrefu bila watu waliokuwa ndani kujua. Ulipofumuka, askari wawili wa zimamoto walifariki.

Utajuaje bomba lako limejaa? Angalia dalili hizi. Moshi unaanza kurudi jikoni wakati zamani ulikuwa unavutwa vizuri. Feni inatetemeka au kuunguruma, kwa sababu mafuta yameganda upande mmoja wa mapanga yake. Matone ya kahawia yanavuja kwenye maungio ya bomba, au dari lina doa la mafuta. Na asubuhi kabla hujawasha jiko, chumba kinanuka mafuta ya zamani.

Kipimo cha uhakika ni njiti ya kiberiti. Unene wake ni karibu milimita 2. Kanuni ya Marekani ya majiko ya biashara, NFPA 96, inatumia milimita 2 kama kiwango ambacho bomba lazima lisafishwe. Toa chujio, mulika na tochi ya simu, kwangua sehemu moja mpaka uone bati. Tabaka likifikia unene wa njiti, usisubiri mwisho wa mwezi.

Sasa usafi wenyewe. Fanya siku usiyo na oda, jiko likiwa limepoa kabisa. Funga gesi kwenye mtungi, toa mkaa wote nje, na kata umeme wa feni kwenye swichi kuu. Funika jiko na nailoni.

Chujio ziloweke kwenye maji ya moto sana na sabuni ya vyombo kwa nusu saa, piga brashi, suuza, zikauke ndipo uzirudishe. Hapa wengi wanakosea kwa kutumia kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Kostiki hula alumini na kutoa gesi inayowaka, na pia hula zinki iliyopakwa kwenye bati la kawaida. Ngozi na macho yako nayo haiyaachi. Kama hujui chujio yako ni ya madini gani, baki na sabuni.

Bombani, anza kukwangua kabla ya kuweka maji. Tumia kisu cha kukwangulia rangi, anzia juu ukishuka chini, kisha pangusa kwa kitambaa chenye maji ya moto na sabuni. Kama mkono haufiki, mwite fundi bati akate mlango mdogo kwenye kona na mwingine katikati ya ile sehemu iliyolala. Aukate ubavuni mwa bomba, usiwe chini, la sivyo mafuta yatavuja darini. Mfuniko uwe wa bati zito kama bomba lenyewe, ubane kwa boliti. Akiwa huko juu, mwambie apime umbali kati ya bomba na mbao. NFPA 96 inataka karibu sentimita 46 kama hakuna kinga katikati.

Uchafu uliokwangua usiumwage kwenye sinki, utaziba. Na matambara yenye mafuta usiyarundike ndani: yakiwa kwenye lundo yanaweza kupata joto yenyewe mpaka yakawaka. Yatie kwenye debe la bati lenye mfuniko, liweke nje.

Ratiba ni hii. Ukitumia mkaa au kuni, kagua bomba kila mwezi, maana masizi huchanganyika na mafuta na cheche zipo muda wote. Ukikaanga kwa wingi kwa gesi, kila miezi 3. Oda chache, kila miezi 6. Chujio ni kila wiki, na jiko la chipsi la kila siku bora mara mbili. Piga picha kila unapokagua, uziweke na tarehe. Mwezi wa tatu utajua mwenyewe bomba lako linajaa kwa kasi gani.

Na moto ukitokea: funga gesi, zima feni isiuvute moto juu, funika karai, usimwage maji. Ukisikia mngurumo bombani au ukaona moshi darini, usipande kuchungulia. Toa watu nje, piga 114, waambie Zimamoto kwamba moto uko kwenye bomba na dari. Hata kama karai limezima, wapigie waje wakague juu.

Leo usiku ukifunga jiko, toa chujio moja, mulika ndani. Tuandikie hapo chini umekuta nini, na mtumie mwenzio anayekaanga.